Ndoo ya mabaki inashibisha nguruwe, lakini haimkuzi

Sange, bonde la Ruzizi. Mama mmoja aliyekimbia vita kutoka milimani anaishi hapa na watoto wake kwenye kiwanja alichoazimwa na familia ya mume wake. Alipewa watoto wawili wa nguruwe ili awafuge, auze, alipe minervali. Miezi ilipita. Kila asubuhi alizunguka kwenye restora tatu za barabarani kukusanya mabaki, na kila jioni ndoo ilikuwa tupu. Nguruwe wake hawakulala njaa hata siku moja. Lakini mnunuzi alipokuja, aliwatazama akacheka kidogo, akasema: «Mama, hawa ni tumbo tu. Nyama iko wapi?»

Alikuwa na haki. Tumbo lilining'inia, mgongo ulikuwa mkali kama kisu, manyoya marefu na makavu, kichwa kikubwa kuliko mwili. Mara nyingi watu wakiona nguruwe wa namna hiyo wanasema ni minyoo. Inawezekana, na dawa ya minyoo ni jambo la kufanya. Lakini katika viwanja vingi vya bonde hili, na pembezoni mwa Uvira ambako familia nyingi za wakimbizi wa ndani zinafuga, sababu kubwa iko ndani ya ndoo yenyewe. Kuna msemo ambao umezoeleka mno: nguruwe anakula kila kitu. Kula anakula, ndiyo. Lakini hakuui na kila kitu, na msemo huo umekula minervali za watoto wengi.

Tuangalie ndoo ya huyu mama. Ndani yake kuna bugali wa mihogo uliobaki, maganda ya mihogo na ya ndizi, mchele kidogo, maji ya kuoshea sufuria, mara moja moja majani ya sombe au mfupa wa samaki. Kwanza, sehemu kubwa ni maji. Kilo nne za mabaki ya namna hii, ukiyakausha kabisa, unabaki na chakula cha gramu 800 hivi. Pili, chakula hicho karibu chote ni mihogo. Muhogo unatoa nguvu, unajaza tumbo, unaleta hata mafuta kidogo. Ila protini, ile inayojenga nyama, damu na mifupa ya mnyama anayekua, muhogo hauna. Katika zile kilo nne nzima, protini ni kama gramu 30.

Nguruwe wa kilo 30 anayekua anahitaji protini karibu gramu 200 kwa siku. Hata usipotaka akue mbio kama wale wa mashamba makubwa, huwezi kushuka sana chini ya hapo. Gramu 30 kwa 200, ndipo tatizo lilipo. Kumwongezea ndoo ya pili hakusaidii kitu, maana tumbo lake lina mwisho: nguruwe wa kilo 30 anakula kama kilo moja na nusu ya chakula kikavu kwa siku, si zaidi. Akijaza nafasi hiyo kwa bugali, imekwisha. Ameshiba na amebaki vilevile.

Jambo la pili ambalo watu hawaambiwi ni kwamba protini si kitu kimoja. Ni kama matofali ya aina mbalimbali, na nyumba haipandi kama aina moja imekosekana, hata zile nyingine zikiwa zimejaa kiwanja. Kwa nguruwe, tofali linalokosekana kwanza ni lile wataalamu wanaloliita lizini. Mahindi, mpunga na mihogo vina lizini kidogo sana. Samaki na soya wanayo kwa wingi. Kwa hiyo konzi ndogo ya ndakala au ya soya inafanya kazi mbili: inaleta protini yake yenyewe, na inafanya ile kidogo ya pumba na mabaki itumike badala ya kupotea kwenye mkojo.

Familia nyingi zikipata franka kidogo zinakwenda kununua pumba za mpunga. Ndicho kitu cha karibu, kwa sababu mpunga unalimwa bondeni humu na mashini za kukoboa ziko Sange, Luvungi, Kiliba na kwingineko. Hapo inafaa kuwa mwangalifu. Mashini ndogo nyingi zinakoboa kwa mara moja, na kinachotoka nyuma ni pumba zilizochanganyika na makapi, yale maganda magumu ya nje. Pumba laini safi zina protini ya 12 kwa mia. Zile za makapi zinaweza kushuka hadi nusu ya hapo, na makapi yenyewe yanakwaruza tumbo na kujaza nafasi bure. Kuzijua si kazi ngumu. Tia konzi moja katika kikombe cha maji, koroga, uache kidogo. Makapi yanaelea juu, manjano na makavu. Pumba nzuri zinalowa na kushuka. Kikombe kikijaa vitu vinavyoelea, unalipia takataka. Na zinunuliwe mpya: pumba za mpunga zina mafuta, na baada ya wiki chache zinanuka kama mafuta ya zamani, nguruwe anazikataa.

Kilo moja ya ndakala wakavu safi ina protini sawa na kilo nne hadi tano za pumba nzuri, au hata kilo tisa za zile zenye makapi. Basi mtu akiwa sokoni anaweza kufanya hesabu yake mwenyewe. Kama bei ya ndakala wa kufagia haizidi mara nne ya bei ya pumba kwa kilo, anunue ndakala. Lakini familia nyingi hazifanyi hivyo, kwa sababu mfuko mkubwa wa pumba unaonekana kuwa chakula na kikaratasi cha ndakala kinaonekana kuwa mboga.

Hapa kuna neno zito ambalo lazima lisemwe wazi. Katika nyumba ambamo watoto wenyewe hawaoni ndakala kwa wiki nzima, nani atathubutu kumpa nguruwe samaki? Wanaofundisha ufugaji wanapita juu ya swali hili kana kwamba halipo. Lipo. Ndakala anayefaa sufuria ni wa watoto, hakuna mabishano. Kinachoweza kwenda kwa nguruwe ni kile ambacho wauzaji wa Uvira wanakifagia chini ya meza zao mwisho wa siku: vichwa vilivyovunjika, unga, wale waliolowa mvua wakakaushwa tena, wale wenye mchanga. Wauzaji wengine wanakitupa, wengine wanakiuza kwa bei ndogo. Mchanga ukiwa mwingi, thamani inashuka. Tia kidogo majini uone kinachozama haraka. Kikiwa na ukungu wa kijani au mweusi, kiachwe, maana sumu ya ukungu inaua nguruwe wadogo polepole.

Na soya je? Ni swali lile lile, maana uji wa soya unasaidia mtoto. Lakini soya inaweza kulimwa hata pembeni ya kiwanja, na punje zilizovunjika au zilizokunjamana zinatosha kwa nguruwe. Ila isiwe mbichi hata siku moja. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, hivyo mtu anatoa pesa, anaweka chakula kizuri, na nguruwe anazidi kudhoofika. Ikaangwe juu ya moto mdogo huku unakoroga, mpaka ngozi inapasuka, rangi inakuwa kahawia kidogo na harufu inafanana na karanga. Ikiungua ikawa nyeusi, protini nayo imeharibika. Ambaye hana sufuria ya kukaangia ailoweke usiku kucha na kuichemsha nusu saa. Maharagwe yaliyoharibika kidogo ni hivyo hivyo: yaliyopikwa ni chakula, mabichi yanaleta kuhara.

Sasa mama wa Sange alifanya nini? Agronomi mmoja mzee anayeishi jirani alimshauri aanze kwa kuhesabu, si kwa kununua. Walikaa chini wakapanga siku moja ya nguruwe mmoja wa kilo 30. Kilo nne za mabaki ya restora, yaliyochujwa maji ya juu: protini gramu 30. Gramu 300 za pumba laini: gramu 35. Kilo moja na nusu ya majani na mashina ya viazi vitamu, matembele: gramu 35 nyingine. Vichwa na unga wa ndakala gramu 100, ambayo ni konzi mbili za mtu mzima: gramu 55 hadi 60 kama ni safi. Soya iliyokaangwa na kutwangwa, gramu 100: gramu 35. Jumla inakaribia 200, na chakula kikavu hakizidi kilo moja na nusu, hivyo kinaingia tumboni.

Mama aliangalia hesabu akauliza: «Mzee, na yule wa pili?»

Mzee akamjibu: «Mama, wa pili umuuze.»

Ushauri huo ulimuuma, na majirani walimcheka mzee. Nani anaambia mkimbizi apunguze mali yake? Lakini alikuwa amesema kweli. Sehemu ya kwanza ya chakula cha kila mnyama inakwenda kumweka hai tu: kupumua, kutembea, kupasha mwili joto, kutengeneza upya kile kinachochakaa. Kinachobaki juu ya hapo ndicho kinachokuwa nyama. Ukigawa chakula cha nguruwe mmoja kwa wawili, wote wawili wanakitumia kubaki hai, na hakuna kinachobaki cha kukua. Nguruwe wawili wa kilo 30 wanaokaa miezi sita bila kupanda ni hasara ya kila siku, ingawa kwa macho wanaonekana kuwa utajiri mara mbili. Pesa ya yule mmoja ilinunua soya, unga wa ndakala na dawa ya minyoo ya yule aliyebaki.

Mradi wowote unaogawa watoto wa nguruwe wawili wawili kwa familia zisizo na shamba ungefaa kusikia jambo hili. Mtoto mmoja wa nguruwe na kilo kumi na tano za soya ni msaada mkubwa kuliko watoto wawili na picha.

Matembele nayo yanahitaji maneno mawili. Ndiyo protini ya bure kwa mtu ambaye hana kitu, maana yanaota hata kwenye ukingo wa mfereji na yanaliwa mabichi bila shida. Lakini ni maji matupu, hivyo kilo moja na nusu inaonekana nyingi na inatoa kidogo, na nguruwe mdogo hawezi kusaga majani mengi kama ng'ombe. Ukiyaacha yanyauke kivulini nusu siku, anakula zaidi. Sombe ina protini zaidi, lakini pamoja na maganda ya muhogo mchungu ina sumu ile ile tunayoijua sote jikoni. Itwangwe na kuchemshwa bila kifuniko, na maganda yakatwe vipande na kuanikwa jua kali siku mbili au tatu. Nguruwe aliyekula maganda mabichi ya muhogo mchungu anaweza kupumua kwa shida, kutetemeka na kufa siku hiyo hiyo. Mabaki ya kokwa za mawese baada ya kukamuliwa, yanayopatikana zaidi upande wa Fizi, yanafaa kwa nguruwe mkubwa; kwa mdogo ni magumu mno.

Limebaki jambo la moto, na hapa makala ndiyo kikwazo. Kila mwenye kufuga katika Kivu ya Kusini anaijua pesti ya nguruwe ya Afrika, hata kama hajui jina lake. Nguruwe anapata homa kali, anaacha kula, masikio na tumbo vinakuwa vyekundu au vya rangi ya zambarau, anakufa ndani ya siku chache, kisha mwenzake, kisha wa jirani. Haimshiki mtu, na haina dawa. Kirusi chake kinaishi muda mrefu katika nyama ya nguruwe, hata iliyokaushwa au kutiwa chumvi. Basi kipande kimoja cha nyama au mfupa kutoka sahani ya restora kinatosha kumaliza nguruwe wa mtaa mzima. Na kwa bahati mbaya, ugonjwa ukiingia, watu wanakimbilia kuchinja na kuuza kwa bei ya chini, na hivyo mifupa inarudi kwenye ndoo za wengine.

Mabaki yote yanayotoka kwenye sahani za watu wengine lazima yachemke. Si kupashwa moto: yachemke, yatoe mapovu, nusu saa nzima, huku yanakorogwa ili moto ufike katikati ya mabonge. Na ndoo inayobeba mabaki mabichi isiwe ndiyo inayobeba yaliyopikwa. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanachemsha vizuri, kisha wanamwaga chakula katika ndoo ile ile ya asubuhi, au wanakoroga kwa kijiti kile kile. Kazi yote imepotea.

Familia iliyo kambini itasema: nusu saa ya makala kila siku, kwa nguruwe, wakati sisi wenyewe tunapika mara moja? Ni kweli. Njia inayowezekana ni kutenganisha. Matembele, pumba na maganda ya jikoni kwako ambayo hayakugusa nyama havihitaji moto kwa sababu ya pesti. Moto ni wa mabaki ya restora tu, na wa vile vyenye sumu kama sombe na maharagwe. Mama wa Sange alichagua restora moja badala ya tatu, ile isiyopika nyama ya nguruwe, na bado anachemsha, kwa sababu wateja wanaweza kuja na vyakula vyao. Anapika mara moja kwa siku, jioni, juu ya makala ya chakula cha nyumbani kabla hayajazimika, akiongeza kuni kidogo mpaka sufuria inachemka. Asiyeweza kupata moto huo afadhali aache kabisa mabaki ya restora, na kumlisha kwa mihogo iliyokaushwa, pumba, majani, na ile konzi ya samaki au soya.

Kisha maji safi. Mabaki ya restora yana chumvi, na vichwa vya samaki wakati mwingine pia. Nguruwe mwenye maji ya kutosha anaitoa kwenye mkojo. Asiye na maji anaanza kuzunguka kama kipofu, kugonga ukuta kwa kichwa, kuanguka na kutetemeka. Watu wanasema amerogwa. Watu walio kambini wanachota maji kwa bidoni na kwa foleni, inaeleweka, lakini maji ya kuosha sahani si maji ya kunywa ya nguruwe, maana ndiyo yenye chumvi.

Ndakala iachwe wiki tatu au nne kabla ya kuchinja, na mahali pake iwekwe soya zaidi, la sivyo nyama itanuka samaki na mnunuzi atapunguza bei. Kuhusu vipimo, hakuna haja ya mizani. Agronomi alimpa yule mama kamba ya katani. Kila siku ya Jumapili jioni anaizungusha kifuani mwa nguruwe, nyuma ya miguu ya mbele, na kufunga fundo pale inapokutana. Kwa nguruwe wa kilo 30 anayekula vizuri, fundo jipya linapita la zamani kwa vidole viwili hivi ndani ya majuma mawili; hapo ameongeza kama kilo tano. Fundo likibaki palepale majuma mawili na nguruwe si mgonjwa, mama anajua kwamba tatizo liko ndani ya ndoo, na anaanza kutafuta: pumba zimekuwa za makapi? Unga wa ndakala umekuwa wa mchanga? Watoto wamesahau soya?

Mwezi wa kwanza fundo lilisogea. Mwezi wa pili, wiki mbili halikusogea. Aliuliza watoto, hakuna aliyejua. Akatia pumba katika kikombe cha maji: karibu zote zilielea. Mashini aliyoizoea ilikuwa imeharibika, na muuzaji alikuwa ananunua kwingine bila kusema. Mama alirudisha mfuko, wakagombana mbele ya watu, na mwishowe akapewa nusu ya pesa yake. Siku hizi haendi sokoni bila kikombe.